Masikio Yanapoziba Njia ya Lushoto

Basi likitoka Mombo kupanda Lushoto, masikio huziba, kisha huzibuka yenyewe. Huko juu mgandamizo wa hewa ni mdogo, basi hewa iliyo nyuma ya ngoma ya sikio hutoka kupitia mrija mwembamba unaofika nyuma ya pua. Tabu zaidi ni kushuka: sasa hewa inatakiwa kuingia, na mrija hujibana, hasa ukiwa na mafua. Meza mate au piga miayo. Mtoto mchanga anyonyeshwe. Sikio moja likitangulia kuzibuka, kizunguzungu huweza kukushika kidogo.

Ila kizunguzungu chenye kuumwa kichwa na kichefuchefu, ukiwa Kilimanjaro juu ya mita 2,500, usiyasingizie masikio. Acha kupanda. Ukianza kupepesuka, shuka mara moja, hata usiku.