Wakia Ile Ile, Faida Mbili

Mwaka 2023 dhahabu ilimpa aliyehesabu kwa dola faida ya asilimia 14 hivi. Mkenya aliyehesabu kwa shilingi alipata asilimia 44. Dhahabu ni ile ile, mwaka ni ule ule, na hakuna aliyedanganya. Mwaka uliofuata mambo yakageuka: wa dola akapata karibu asilimia 27, Mkenya akaambulia chini ya 5.

Bei ya dhahabu duniani hutajwa kwa dola kwa kila wakia, yaani gramu 31.1. Bei ya shilingi hupatikana kwa kuzidisha bei hiyo kwa kiwango cha kubadilisha fedha. Mwisho wa 2022 wakia ilikuwa takribani dola 1,812, na dola moja ilikuwa shilingi 123.4, kwa hiyo wakia ilifika shilingi 223,600 hivi. Mwaka mmoja baadaye wakia ilikuwa karibu dola 2,060 na dola imepanda hadi shilingi 156.5. Zidisha, utapata shilingi 322,400.

Hapo ndipo wengi hukosea hesabu. Dhahabu ilipanda mara 1.137 na dola ikapanda mara 1.268. Ukijumlisha asilimia zake utapata 40.5, ilhali ukizidisha namba hizo mbili utapata 1.442, yaani asilimia 44. Kosa la pili ni la kuchukua habari ya gazeti kwamba shilingi "imepoteza asilimia 21" na kuitumia kana kwamba ndiyo faida. Ni kweli shilingi ilipoteza asilimia 21 ya thamani yake mbele ya dola, lakini kupanda kwa dola dhidi ya shilingi kulikuwa asilimia 27. Kwa mwenye dhahabu, hesabu inayofaa ni hii ya pili.

Sasa jiulize faida hiyo ya 44 ilikuwa ya nani. Mtu aliyefungia noti za dola sandukuni, asiguse hata pete ya dhahabu, alipata asilimia 27 kwa shilingi. Mchango wa dhahabu yenyewe ulikuwa zile 14. Sehemu kubwa ya kile kilichoitwa ushindi wa dhahabu ilikuwa udhaifu wa shilingi tu.

Udhaifu huo nao haukudumu. Shilingi ilibanwa kwa sababu, pamoja na mengine, wawekezaji waliogopa kwamba Kenya ingeshindwa kulipa hatifungani ya kimataifa ya dola bilioni 2 iliyoiva Juni 2024. Februari mwaka huo serikali ikakopa dola bilioni 1.5 kwa hatifungani mpya ili kununua sehemu ya deni la zamani, na Benki Kuu ikapandisha riba yake hadi asilimia 13. Hofu ikapungua, na mwisho wa mwaka dola ikawa shilingi 129.3. Wakia ilikuwa imefika karibu dola 2,610, lakini kwa shilingi ilikuwa 337,500 hivi. Mwaka mzuri sana wa dhahabu duniani ukamezwa karibu wote na shilingi iliyopata nguvu, ilhali hati za dhamana za serikali mwanzoni mwa mwaka huo zilikuwa zikilipa takribani asilimia 16. Aliyenunua dhahabu Januari 2024 kwa kuvutiwa na faida ya mwaka uliotangulia aliingia wakati mbaya.

Miaka mingine inafundisha zaidi, kwa maoni yangu, ingawa haina mbwembwe. Mwaka 2015 dhahabu ilishuka takribani asilimia 11 kwa dola, na shilingi ikadhoofika kutoka 90.6 hadi 102.3. Bei ya shilingi ikabaki karibu pale pale. Mwenye dhahabu angeweza kusema hakupoteza kitu, lakini bei za bidhaa nchini zilikuwa zimepanda asilimia 8, kwa hiyo akiba yake ilinunua kidogo zaidi. Mwaka 2022 dhahabu kwa dola haikusogea, shilingi ikadhoofika, na faida ya shilingi ikawa kama asilimia 9 na nusu. Mfumuko wa bei wa Desemba ulikuwa asilimia 9.1. Faida yote ile kwenye karatasi, na sokoni hakuna kilichobaki cha maana.

Na kuna mwaka ambao shilingi haikusaidia kabisa. Mwaka 2013 dhahabu ilianguka kwa zaidi ya robo kwa dola, shilingi ikatulia karibu na 86, na hasara ikafika Nairobi nzima nzima.

Hesabu hizi zote ni za dhahabu ghafi kwa bei ya dunia. Sonara hununua kwa bei ya chini kuliko anayouzia, na gharama ya ufundi wa pete au mkufu hairudi unapouza. Pengo hilo peke yake laweza kumaliza faida kama ile ya 2024.

Muuzaji akikuonyesha mchoro wa bei ya shilingi ya 2023, mwombe akuonyeshe na wa dola, kisha 2013 na 2024, kabla hujatoa pesa.