Kurasa Mbili Kabla ya Kuchimba Kisima

Chukua mfano wa kundi la WhatsApp la watu waliosoma shule moja ya bweni mkoani Singida. Asubuhi mmoja wao ametuma picha ya wanafunzi wakirudi na ndoo za maji kichwani, na hadi jioni ahadi za michango zimefika mamilioni. Usiku mwingine anaandika kwamba anamfahamu mchimbaji ambaye mtambo wake uko kijiji cha jirani, na akipata malipo ya awali wiki hii atapunguza bei. Watu wanashangilia. Mhazini anaulizwa namba ya akaunti.

Hapo ndipo miradi mingi ya aina hii huanza kuharibika, tena bila mtu yeyote kuiba. Hadi dakika hiyo hakuna aliyeandika kisima kitatoa maji kiasi gani, kitahudumia akina nani, fedha zikifika wapi kazi isimame, na nani mwenye kauli ya kuisimamisha.

Karatasi inayojibu maswali hayo huitwa hati ya mradi. Watu huichanganya na andiko la kuombea fedha au na mkataba wa mkandarasi, ilhali kila moja ina kazi yake. Andiko humshawishi mwenye fedha, na mkataba humbana mkandarasi. Hati huwabana wenye mradi wenyewe. Kwa mujibu wa mwongozo wa PMI, chama cha wasimamizi wa miradi kilichoanzishwa Marekani mwaka 1969, hati hii hutolewa na mdhamini wa mradi, nayo ndiyo inayompa msimamizi mamlaka ya kutumia fedha na watu. Kwa kisima cha shule, kurasa mbili zinatosha. Ikifika kumi hakuna atakayeisoma.

Tuanze na mdhamini, kwa sababu hapa ndipo watu huona haya kuuliza. Mdhamini si lazima awe aliyechanga kikubwa. Ni mtu mmoja, mwenye jina, anayeweza kuidhinisha fedha, kukataa ombi na kuamua kazi isimame. Kamati ya watu kumi na mmoja haiwezi kuwa mdhamini. Siku mchimbaji akipiga simu kutoka porini akiuliza kama aendelee kushuka mita ishirini zaidi, kamati itakuwa bado inatafuta akidi. Katika mfano wetu mdhamini ni mwenyekiti wa umoja wa wahitimu. Lakini shule ni ya serikali, na kisima kikishachimbwa kitakuwa mali yake. Kwa hiyo hati inahitaji pia sahihi ya mkurugenzi wa halmashauri inayothibitisha kwamba eneo limeruhusiwa na kwamba kisima kitapokelewa na kuhudumiwa. Tabasamu la mkuu wa shule, hata liwe pana vipi, si sahihi hiyo.

Chini ya mdhamini linaandikwa jina la msimamizi, na papo hapo kiwango cha mamlaka yake: mathimalani, anaweza kuidhinisha matumizi ya ziada yasiyozidi shilingi 500,000 kwa mara moja, na yakizidi hapo anampigia mdhamini. Bila mstari huo ama atapiga simu kwa kila msumari, ama hatapiga kabisa.

Sehemu inayofuata ni vitu vitakavyokabidhiwa, na hapa tusiwe na haraka. Hati nyingi huandika "kuboresha upatikanaji wa maji shuleni." Sentensi hiyo haiwezi kushindwa. Hata bomba moja linalodondosha matone ni maboresho. Tufanye hesabu. Shule ina wanafunzi 400 wa bweni. Tukikadiria lita 25 kwa kila mmoja kwa siku, za kunywa, kupika, kuoga na kufua, tunahitaji lita 10,000. Pampu itatumia umeme wa jua, na tukihesabu saa tano tu za jua la kutegemewa, kisima kinapaswa kutoa lita 2,000 kwa saa. Sasa tunayo sentensi inayoweza kupimwa: kisima kimoja kitakachotoa lita zisizopungua 2,000 kwa saa, kwa kipimo cha kupampu kwa saa 24 mfululizo, pamoja na matangi mawili ya lita 5,000 juu ya mnara na vituo viwili vya kuchotea maji ndani ya uzio.

Tofauti yake huonekana siku ya majibu. Tuseme mchimbaji amepata lita 600 kwa saa. Maji yanaruka, wanafunzi wanapiga vigelegele, picha zinatumwa kwenye kundi. Kwa saa tano hizo ni lita 3,000, yaani chini ya lita nane kwa mwanafunzi. Kama hati ilisema "kisima cha maji", kazi imekamilika. Kama ilisema lita 2,000, kila mtu anajua papo hapo kwamba bado, na pampu ya bei kubwa hainunuliwi kwa ajili ya kisima kisichoiweza.

Kuna kipimo kingine ambacho Singida haifai kukisahau. Katika maeneo mengi ya kaskazini na kati ya Tanzania, hasa yaliyo jirani na Bonde la Ufa, maji ya ardhini huwa na floridi nyingi, na mahali pengine ni ya chumvi. Floridi haionekani wala haina ladha ya kumshtua mtu, lakini mtoto akiyanywa kwa miaka meno hubadilika rangi, na ikizidi sana mifupa huathirika. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 1.5 kwa lita. Hati iseme hivyo: maji yatapimwa maabara, na kisima hakitahesabiwa kuwa kimekabidhiwa kabla ya majibu ya maandishi.

Kisha yanakuja ambayo mradi hautafanya. Watu wengi huiruka sehemu hii kwa adabu, kwa kuwa kuandika "hatutafanya" kunaonekana kama uchoyo. Katika hati yetu ingesomeka hivi: mradi hautapeleka mabomba kwenye nyumba za walimu, hautajenga kituo nje ya uzio, hautakarabati vyoo, na hautalipia matengenezo baada ya miezi kumi na miwili ya kwanza. Hakuna jambo la kipuuzi hapo. Ndiyo maana linaandikwa. Mkuu wa shule atakuja siku mtaro uko wazi na kusema, "Mwenyekiti, kwa kuwa mafundi wapo, si tungefikisha na kwa walimu? Ni mita mia mbili tu." Wiki inayofuata mwenyekiti wa kijiji atauliza, kwa haki kabisa, kwa nini wananchi waliotoa ardhi ya shule wasipate hata bomba moja. Kila ombi peke yake ni dogo. Yakijumlishwa yanakula fedha za pampu.

Hati haikatazi maombi hayo, inayapa njia. Ombi linaandikwa, msimamizi anaweka pembeni gharama yake, siku zitakazoongezeka na litapunguza maji kiasi gani kwa wanafunzi, kisha mdhamini anatia sahihi ya kukubali au kukataa. Mara nyingi ombi hufa lenyewe pale linapowekewa bei.

Yanabaki mambo ya ukomo. Fedha: tuseme shilingi milioni 48, ndani yake akiba ya asilimia 10. Muda: mtambo mzito haupiti njia ya udongo mvua zikishakolea, na Singida mvua huanza kati ya Novemba na Desemba, kwa hiyo uchimbaji ukamilike mwisho wa Oktoba. Vibali: ukanda huo uko chini ya Bodi ya Maji Bonde la Kati, na maombi yake yaanze kabla ya mtambo kuitwa. Lakini ukomo muhimu kuliko yote katika kisima ni ule wa kushindwa. Kwa kawaida mchimbaji hulipwa kwa mita alizochimba, apate maji asipate. Hati iseme kwamba utafiti wa kitaalamu wa maji ya ardhini utatangulia, kwamba bajeti ni ya shimo moja la kina kisichozidi mita 120, na kwamba likiwa kavu au maji yake hayafai, kazi inasimama na fedha iliyobaki haiguswi mpaka mdhamini atoe uamuzi mpya wa maandishi. Ni rahisi kuandika hivyo mezani mwezi Julai. Ni vigumu mno kuamua hivyo umesimama kando ya shimo kavu, mchimbaji anasema maji yapo hatua thelathini kutoka hapo, na watu mia tatu wanasubiri habari kwenye simu.

Haya hayawapati wanyonge peke yao. Ukumbi wa Opera wa Sydney, Australia, ulianza kujengwa Machi 1959 michoro ikiwa haijakamilika, kwa kuwa waziri mkuu wa jimbo, Joseph Cahill, alihofia siasa zingeuua mradi ukichelewa. Haikujulikana bado yale mapaa ya kombe yangejengwaje, na baadaye nguzo zilizokwisha simama zikalazimika kuimarishwa upya ili ziyabebe. Cahill mwenyewe alifariki Oktoba mwaka huohuo. Serikali ilipobadilika mwaka 1965, waziri mpya alivutana na msanifu Jørn Utzon juu ya michoro na malipo, na mwaka 1966 Utzon akaondoka. Ukumbi mkubwa uliokuwa utumike kwa opera na muziki ukageuzwa kuwa wa muziki peke yake. Makadirio ya kwanza yalikuwa dola milioni 7 za Australia na kukamilika mwaka 1963. Ulifunguliwa 1973, umegharimu dola milioni 102. Wapo watakaosema mbona leo ni fahari ya dunia. Ni kweli, na serikali ya jimbo ililipa sehemu kubwa kwa bahati nasibu. Umoja wa wahitimu wa Singida hauna bahati nasibu.

Hati mbovu haijifichi. Nafasi ya mdhamini imeandikwa "kamati" au "uongozi". Vitenzi vyake ni kuboresha, kuimarisha na kuhamasisha, wala huoni lita, mita au tarehe. Hakuna sehemu ya yasiyofanyika. Na tarehe ya sahihi iko nyuma ya tarehe ya malipo ya awali, maana yake iliandikwa ili faili lijae.

Nawe ukiombwa mchango wa kisima, zahanati au darasa, omba kwanza kuiona hati hiyo. Kama haipo, toa ahadi, lakini fedha ibaki kwako mpaka iandikwe na jina la mtu mmoja liwe chini yake.