Kuongezewa damu: dakika 15 za kwanza ndizo za kuangaliwa zaidi

Damu inayotolewa na mfadhili haifiki kwa mgonjwa moja kwa moja. Kwanza hupimwa virusi vya Ukimwi, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende. Ikipatikana na kimojawapo, hutupwa. Hata hivyo, mtu aliyeambukizwa juzi anaweza kupimwa na asionekane, na ndiyo maana mfadhili huulizwa maswali ya kibinafsi kabla ya kutolewa damu. Tafadhali yajibu kwa ukweli.

Hospitalini, maabara huthibitisha kundi la damu la mgonjwa, kisha huchanganya kiasi kidogo cha majimaji ya damu yake na chembe nyekundu za mfadhili. Zikigandana au kupasuka, mfuko huo haumfai.

Hatari kubwa hutokea nje ya maabara. Tuseme mama wa kundi O amevuja damu nyingi baada ya kujifungua, na wodini kuna mama mwingine wa jina kama lake, wa kundi A. Muuguzi akitoa sampuli zote mbili na kuandika majina baadaye mezani, chupa zinaweza kubadilishana. Maabara itafanya kazi yake sawasawa, lakini kwa damu ya mtu mwingine. Mwili wa mtu wa kundi O una kinga dhidi ya kundi A, na chembe alizoongezewa zitaanza kupasuliwa mara moja.

Kwa hivyo chupa huandikwa kando ya kitanda. Kabla ya kufungua damu, wahudumu wawili hulinganisha jina, nambari ya hospitali na kundi kwenye mfuko na kwa mgonjwa mwenyewe. Ukiulizwa jina lako kwa mara ya tatu, usikasirike. Ukiona hujaulizwa, sema.

Damu huanza polepole, na muuguzi hupima joto, mpigo wa moyo na presha kabla ya kuanza na tena baada ya dakika 15. Mgonjwa au jamaa aite muuguzi papo hapo akihisi baridi ya kutetemeka, joto, maumivu ya mgongo au kifua, mkono kuchoma palipo sindano, kukosa pumzi, au mkojo ukiwa mweusi kama kola. Mgonjwa asiyejitambua hawezi kulalamika. Kwake yeye vipimo ndivyo husema.

Muuguzi hufunga damu kwanza, huacha sindano mshipani na kuweka maji ya chumvi kwa mpira mpya, humwita daktari, hukagua majina upya, kisha hurudisha mfuko maabara pamoja na sampuli mpya. Mfuko usitupwe.

Mwasho na vipele pekee, bila dalili nyingine, kwa kawaida hutulia kwa dawa, na daktari anaweza kuruhusu damu iendelee. Wazee, wagonjwa wa moyo na watoto wenye utapiamlo waangaliwe pumzi hata saa kadhaa baada ya damu kwisha, kwani moyo wao hulemewa haraka na wingi wa maji.