Barua Inasema Asilimia 4: Hesabu Iliyo Nyuma ya Nyongeza Ndogo ya Mshahara

Januari 2025, afisa manunuzi wa kampuni moja ya Dar es Salaam anapewa bahasha. Ndani mna barua ya nusu ukurasa: "Kufuatia tathmini yako ya mwaka 2024, ambapo umepata alama 3 kati ya 5, na kwa kuzingatia takwimu za soko la ajira, mshahara wako wa msingi utaongezeka kwa asilimia 4." Alikuwa akilipwa shilingi 2,100,000. Sasa atalipwa 2,184,000. Amefanya kazi mwaka mzima bila onyo, na shilingi 84,000 anaziona kama za kumnyamazisha.

Mfano huu ni wa kutengeneza, ila hesabu zake ndizo zinazopigwa kwenye ofisi nyingi za rasilimali watu. Kila neno katika sentensi ile ya barua lina namba nyuma yake, na mojawapo ya namba hizo mfanyakazi ana haki ya kuihoji.

Tuanze na zile 84,000. NSSF inachukua asilimia 10, yaani 8,400. Zinabaki 75,600 za kutozwa PAYE, kodi ya mshahara. Kwa Tanzania Bara, kipato cha mwezi kinachozidi shilingi milioni 1 hutozwa asilimia 30 kwenye ile sehemu iliyozidi. Afisa wetu alishavuka kiwango hicho, kwa hiyo nyongeza yake yote inaangukia kwenye kodi ya juu kabisa, nayo inakula 22,680. Kinachoingia benki ni 52,920.

Kabla ya nyongeza, baada ya NSSF na PAYE alikuwa akibaki na 1,495,000. Sasa anabaki na 1,547,920. Ongezeko la mkononi ni asilimia 3.5, si 4. Mfumuko wa bei wa mwaka 2024, kwa takwimu za Ofisi ya Taifa ya Takwimu, ulikuwa wastani wa asilimia 3.1. Ili tu anunue mwaka huu alichonunua mwaka jana, anahitaji shilingi 46,345 zaidi kila mwezi. Toa hizo kwenye 52,920: nyongeza halisi ni shilingi 6,575 kwa mwezi. Na kama bado anakatwa asilimia 15 ya mshahara kulipa mkopo wa elimu ya juu, inashuka zaidi.

Upande wa mwajiri, shilingi zilezile 84,000 zinagharimu zaidi. Anaongeza mchango wake wa NSSF wa asilimia 10, tozo ya kuendeleza ujuzi asilimia 3.5, na mchango wa mfuko wa fidia kwa wafanyakazi asilimia 0.5. Jumla ni 95,760. Kwa hiyo mwajiri anatoa karibu elfu 96 na mfanyakazi anaona elfu 53. Kila upande unaamini umeumia, na kila upande una risiti yake.

Sasa tuje kwenye ile asilimia 4 yenyewe. Meneja hakuikadiria kwa macho. Ameisoma kwenye jedwali ambalo upande mmoja lina alama ya utendaji, na upande wa pili lina nafasi ya mshahara wa mtu ukilinganishwa na soko. Sehemu ya jedwali la kampuni hii iko hivi:

| Alama | Chini ya 95% ya soko | 95% hadi 105% | Zaidi ya 105% |
|---|---|---|---|
| 4 | 8% | 7% | 6% |
| 3 | 6% | 5% | 4% |
| 2 | 2% | 1% | 0% |

Soko hapa maana yake ni mshahara wa katikati: ukiwapanga maafisa manunuzi wa kampuni zinazofanana kuanzia anayelipwa kidogo hadi anayelipwa zaidi, ni wa yule aliyesimama katikati. Hutumika huo badala ya wastani kwa sababu kampuni moja kubwa inayolipa mamilioni huweza kuuvuta wastani juu, wakati aliye katikati hasogei. Utafiti wa mishahara ulioko mezani unasema mshahara huo ni 1,980,000. Gawanya 2,100,000 kwa 1,980,000: unapata asilimia 106. Afisa wetu yuko safu ya kulia. Mantiki ya jedwali ni kwamba aliyeachwa nyuma na soko avutwe haraka, na aliyelitangulia apandishwe taratibu.

Alama 3 nayo isisomwe kama "wastani" wa darasani. Maana yake ni kwamba umetimiza ulichoajiriwa kukifanya, na hapo ndipo wengi hukaa. Chukua kampuni yenye mishahara ya jumla ya shilingi milioni 90 kwa mwezi, na bajeti ya nyongeza ya asilimia 4.5, yaani 4,050,000. Wakuu wa idara wakimpa kila mtu alama 4, hata kwa kiwango cha chini cha asilimia 6 zitahitajika 5,400,000. Ndiyo maana wakuu hukutana kwenye kikao cha kusawazisha alama, na huko baadhi ya alama 4 hurudi kuwa 3. Mfanyakazi aliyeambiwa na bosi wake mwezi wa kumi na moja kwamba "uko vizuri sana" hajui kikao hicho kilitokea. Akitaka kujua, aulize alama aliyopendekezewa na mkuu wake ilikuwa ngapi, na sababu ya kushushwa.

Lakini kosa linalopatikana kwa urahisi zaidi haliko kwenye alama. Liko kwenye tarehe ya takwimu za soko. Takwimu za utafiti wetu zilikusanywa Julai 2024, na nyongeza inaanza Januari 2025. Katika miezi hiyo 6 kampuni nyingine nazo zimepandisha. Ikiwa mishahara ya soko inapanda kwa asilimia 6 kwa mwaka, takwimu hiyo inapaswa kusogezwa kwa asilimia 3 kabla ya kutumika. Basi 1,980,000 inakuwa 2,039,400. Gawanya upya: 2,100,000 kwa 2,039,400 ni asilimia 103. Afisa wetu amehama safu, bila alama yake kuguswa. Anastahili asilimia 5.

Asilimia 1 hiyo ni shilingi 21,000, na baada ya makato ni 13,230. Ijumlishe na zile 6,575 na nyongeza halisi inakuwa 19,805, mara 3 ya ile ya mwanzo. Tena inakaa ndani ya mshahara wa msingi, kwa hiyo nyongeza ya mwaka ujao itapigwa juu yake.

Jambo la pili la kukagua ni kazi aliyolinganishwa nayo. Watafiti hulinganisha majukumu, lakini mtu mwenye haraka hulinganisha vyeo. Kama afisa wetu anasimamia watu wawili na kusaini mikataba, huku utafiti ukizungumzia afisa anayeandika tu oda za manunuzi, basi ile 1,980,000 ni ya kazi nyingine.

Akienda kwa meneja na kusema "maisha yamepanda", atajibiwa kwa upole kuwa bajeti imefungwa. Afadhali aende na maswali matatu yaliyoandikwa: takwimu za soko ni za mwezi gani na zimesogezwa hadi lini, zinahusu majukumu gani, na mshahara wangu ni asilimia ngapi ya soko hilo? Jibu la swali la tatu likiwa 106, na la kwanza likiwa Julai bila kusogezwa, ameshajua aombe nini: asilimia 5, kuanzia Januari.