Usukani wa Kulia, Barabara ya Kulia

Mara ya kwanza kupanda Hiace mjini Bujumbura, nilijikuta nimesimama mbele ya ubavu usio na mlango. Nilikuwa kando ya barabara, pale pale wanaposubiri abiria wengine, na mbele yangu kulikuwa na bati na vioo tu. Konda akaniashiria nizunguke. Nikapita nyuma ya gari, nikatokea katikati ya barabara, lori likanipita karibu kiasi cha kunipeperushia shati, ndipo nikauona mlango. Mama aliyekuwa nyuma yangu alizunguka vivyo hivyo, mtoto mgongoni na furushi kichwani.

Hiace ile haikuwa na kasoro. Ilitengenezwa kwa ajili ya Japani, ambako magari hupita kushoto kama Tanzania, Kenya na Uganda. Usukani wake uko kulia, na mlango wa abiria uko kushoto ili washukie ukingoni. Burundi, kama Rwanda na Kongo, ilirithi kwa Wabelgiji desturi ya kupita kulia. Lakini mtumba wa Japani ni wa bei nafuu na hushushwa kwa wingi bandarini Dar es Salaam, kwa hiyo magari hayo huendeshwa kwa namba za IT hadi mpaka wa Kabanga na Kobero, yakavuka, yakahamia upande wa pili wa barabara. Kinachohama ni gari. Mlango, taa na kiti cha dereva hubaki vilivyopangwa kiwandani.

Watu wengi hudhani suala la usukani ni mazoea tu, kwamba dereva akizoea wiki mbili yamekwisha. Mazoea husaidia kwenye kona na mizunguko, lakini hayamhamishi dereva kwenye kiti chake. Chukua barabara ya njia mbili, kila njia ina upana wa mita 3.5, na mbele yako kuna lori la upana wa mita 2.5 linalopanda mlima taratibu. Gari lako lina upana wa mita 1.7. Unataka kulipita, lakini kwanza lazima jicho lako lifike usawa wa mstari wa katikati ili uone kama njia ni nyeupe. Ukiwa na usukani upande wa katikati ya barabara, utachomoza ubavu wa gari kama nusu mita ng'ambo ya mstari. Ukiwa na usukani upande wa ukingo, itakubidi uchomoze kama mita 1.2 ili uone kitu kile kile. Lori linalokuja katikati ya njia yake limeacha nusu mita tu kutoka kwenye mstari. Maana yake ni kwamba dereva wa kwanza anachungulia, na wa pili amekwisha kujiweka mbele ya lori kabla hajaliona.

Ndiyo maana utawasikia abiria wa kiti cha mbele wakimwambia dereva, "Pita, hakuna kitu." Abiria huyo hajui gari lina nguvu kiasi gani, wala si yeye atakayekanyaga breki. Njia salama kidogo ni kuliachia lori nafasi kubwa mbele, kwa sababu ukiwa mbali nalo unaona pembeni yake bila kuchomoza sana. Penye kona na mlima, subira tu ndiyo dawa.

Jambo la pili ni taa, na hili huwadhuru hata wasiomo garini. Taa za dimu hazimuliki sawasawa pande zote. Gari la kupita kushoto hutupa mwanga chini upande wa kulia ili lisimuumize macho anayekuja, na huunyanyua upande wa kushoto ili umulike ukingo, walipo watembea kwa miguu na waendesha baiskeli. Gari hilo likipelekwa kwenye barabara ya kulia, mwanga ule ulionyanyuliwa huingia machoni mwa anayekuja, na ukingo alipo mwenye baiskeli unabaki gizani.

Kulijua hili hakuhitaji fundi. Usiku, simamisha gari mita tano kutoka kwenye ukuta, mahali tambarare, uwashe dimu. Utaona mstari wa mwanga umelala upande mmoja na umepanda upande mwingine. Ukipanda kushoto, taa hizo ni za barabara ya kushoto. Wapo mafundi wanaozishusha tu kwa bisibisi, na hapo dereva hupoteza umbali wa kuona mbele. Tiba kamili ni kufunga taa za mbele zilizotengenezwa kwa upande unaohusika.

Serikali zimechukua njia tofauti. Burundi imeishi na usukani wa kulia kwa miaka mingi. Rwanda, yenye barabara ile ile ya kulia, iliyafungia mlango magari madogo ya namna hiyo, hivyo Probox inayouzika haraka Bujumbura haiwezi kutarajia namba za usajili Kigali. Kenya iko kinyume chake: kwa utaratibu wa kiwango cha KS 1515, gari la usukani wa kushoto halisajiliwi isipokuwa la kazi maalumu, kama gari la wagonjwa au la zimamoto. Na ipo nchi iliyoamua kuhamisha barabara yenyewe. Samoa ilihamia kushoto tarehe 7 Septemba 2009 ili wananchi wapate magari nafuu kutoka Australia na New Zealand. Wenye mabasi walilalamika sana, kwa sababu milango yao sasa ilifungukia katikati ya barabara. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka yule mama wa Bujumbura.

Soko nalo hufuata sheria. Gari la usukani wa kushoto jijini Nairobi huweza kutajwa kwa bei inayokufanya ufikirie umeokota dhahabu. Uliza kwanza nani atalinunua kwako. Wanunuzi wake ni wale wanaolipeleka nchi zinazopita kulia, kama Kongo au Sudan Kusini, nao wanajua huna mteja mwingine. Ukivunja dashibodi au mashine ya usukani, maduka ya vipuri yamejaa vya upande wa kulia.

Hapo ndipo anapojitokeza fundi wa kugeuza usukani. Kazi hiyo hukata bati linalotenganisha injini na chumba cha dereva, huunga nguzo ya usukani na kuhamisha pedali ya breki. Weldi mbaya ya sehemu hizo haionekani siku ya kununua, huonekana siku ya kona. Kabla hujatoa hata shilingi ya kishika uchumba, tazama waipa: zikifagia na kuacha eneo chafu upande wa dereva, gari limegeuzwa. Fungua boneti utafute matundu yaliyozibwa kwenye bati la nyuma ya injini. Kisha soma kibao cha modeli. Kwenye Toyota nyingi za masoko ya nje, herufi inayofuata tarakimu husema ukweli: VDJ200L imezaliwa na usukani wa kushoto, VDJ200R imezaliwa na wa kulia. Kibao kikisema L na usukani uko kulia, usilinunue gari hilo.

Na wewe ambaye gari lako la Japani linavuka Kobero kwenda kubeba abiria, tenga fedha ya taa mpya na ya kufungua mlango upande wa kulia kwenye karakana inayojua kazi hiyo, kabla ya kuwaza redio na viti vya ngozi.