Usipokubaliana na Alama ya Tathmini ya Kazi

Wafanyakazi wengi wasioridhika na tathmini hutia saini kimya kimya wakaondoka na kinyongo, au hukataa kata kata kusaini. Kukataa hakusaidii, kwani mahali pengi saini huonyesha tu kwamba umeisoma fomu. Soma maneno yaliyo juu ya mstari wa saini. Kama ndivyo yasemavyo, saini, kisha andika kando: "Nimeisoma. Sikubaliani na alama ya kipengele cha 3. Maelezo yangu yameambatishwa." Hakikisha pia unajua kipimo kinavyosomwa. Katika fomu za OPRAS, zilizotumika kwa miaka mingi kwenye utumishi wa umma Tanzania, 1 ndiyo ilikuwa alama ya juu na 5 ya chini. Kampuni nyingi hufanya kinyume chake.

Tuseme karani wa ghala amepewa 2 kati ya 5, ambapo 5 ndiyo ya juu, na mkuu wake ameandika: "Huchelewesha ripoti za mwezi." Kipindi kinachopimwa ni Januari hadi Juni, na kila ripoti hutakiwa kufika tarehe 5 ya mwezi unaofuata. Karani akitulia na kufungua barua pepe zake, anakuta ripoti nne zilifika kwa wakati. Ya Machi ilichelewa kwa sababu hati za mizigo kutoka tawini zilimfikia tarehe 7 Aprili, ingawa aliziomba tarehe 2. Ya Juni aliichelewesha mwenyewe. Tathmini ikafanyika Julai, na bila shaka ripoti iliyobaki kichwani mwa mkuu ni hiyo ya Juni.

Jibu lake linatosha ukurasa mmoja:

"Ndugu Meneja, nashukuru kwa mazungumzo yetu. Kuhusu kipengele cha 3, ripoti nne kati ya sita ziliwasilishwa kabla ya muda kwisha. Ya Machi ilisubiri hati za tawi. Barua pepe zimeambatishwa. Ya Juni niliichelewesha mimi, na sasa nafunga hesabu za ghala kila Ijumaa ili hilo lisijirudie. Naomba alama ifikiriwe upya kuwa 3."

Kukiri kosa la Juni ndiko kunakoipa nguvu hoja ya Machi, maana msomaji anaona kuwa mwandishi hafichi kitu. Tena haombi 5, anaomba alama ambayo ushahidi wake unaweza kuibeba. Hakumtaja mwenzake aliyepata alama nzuri zaidi, wala hakusema anaonewa. Angefanya hivyo, mjadala ungehama kutoka kwenye tarehe za ripoti ukawa wa nia ya mkuu, jambo ambalo hana cha kulithibitisha.

Barua hiyo impe mkuu wake, nakala iende kwa ofisa rasilimali watu, naye abaki na yake iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Alama isipobadilishwa, aombe kwa maandishi jibu lake liwekwe kwenye faili pamoja na fomu, ili atakayelifungua wakati wa kupandisha watu vyeo asome pande zote mbili.