Kurudia kwa Ajili ya Sikio

Matini iliyoandikwa ili isomwe kwa sauti, iwe tangazo la redio, taarifa ya habari au somo la afya linalotolewa kijijini, hurudia mambo yake makuu kwa makusudi. Mtu akiisoma kwenye karatasi huenda akaiona ina maneno ya ziada. Maneno hayo yana kazi yake: yanafanya kile ambacho msomaji hujifanyia mwenyewe kwa macho, na ambacho msikilizaji hawezi kujifanyia.

Watafiti waliopima mwendo wa macho ya wasomaji wamegundua kuwa jicho haliendi mbele tu. Husonga kwa miruko midogo, na katika kila miruko 100, kati ya 10 na 15 hurudi nyuma kwenye neno au mstari uliokwisha kupitwa. Msomaji hutambua mara chache tu kwamba amerudi. Amekwama kwenye jina, amechanganya tarakimu, au amesahau nani alifanya nini. Jicho hurudi, huchukua kilichokosekana, kisha huendelea. Kwa hiyo hata matini isiyorudia neno lolote husomwa kwa marudio. Msikilizaji hana njia hiyo. Sentensi ikimpita wakati mtoto analia au pikipiki inapita nje, imekwenda, na sentensi inayofuata haimngoji.

Hata asiyepitwa na neno hakai na maneno yenyewe kwa muda mrefu. Mwaka 1967 mwanasaikolojia wa Marekani, Jacqueline Sachs, aliwasikilizisha watu visa vifupi, kisha akawauliza kama sentensi fulani ilikuwa ileile waliyoisikia au ilikuwa imebadilishwa. Walipoulizwa papo hapo walitambua mabadiliko yoyote, hata ya mpangilio wa maneno tu. Baada ya kusikiliza silabi 80 zaidi, yaani muda usiofika nusu dakika, waliendelea kutambua vizuri mabadiliko ya maana, lakini mabadiliko ya umbo la sentensi yaliwatoka. Akili hushika maana na kuyaachia maneno. Kwa kisa au hoja hilo halina madhara makubwa, kwa sababu maana ndiyo inayotakiwa. Kwa kipimo cha dawa, tarehe, saa au jina la mahali, hali ni nyingine, kwa kuwa tarakimu haiwezi kukisiwa kutokana na maana ya kilichobaki. Huo ndio msingi wa kuchagua cha kurudia: hurudiwa kile ambacho msikilizaji akikikosa hawezi kukijenga upya mwenyewe.

Lugha ya Kiswahili ina marudio yake ya ndani. Katika sentensi "kisima kile kikubwa kimekauka", kiambishi ki- husikika mara nne, na sikio lililokosa neno la kwanza bado linajua kwamba kinachozungumzwa kiko katika ngeli ya kitabu na kiti, si ya mto wala ya barabara. Msaada huo, hata hivyo, hupotea pale ambapo habari nyingi zinahusu watu. Watu wote huingia katika ngeli moja, wa kike na wa kiume, mdogo na mkubwa. Mtangazaji akisema kwamba mkuu wa wilaya alikutana na mwenyekiti wa kijiji, kisha akaongeza "alisema atajiuzulu", msikilizaji hana alama yoyote ya kumwonyesha ni nani atakayejiuzulu. Msomaji angeweza kuirudia sentensi na kupima. Kwa msikilizaji, njia ya uhakika ni kurudia cheo chenyewe: "Mwenyekiti wa kijiji alisema atajiuzulu." Kwa sababu hiyohiyo, maneno kama "aliyetajwa hapo juu" au "wa kwanza na wa pili" hayafai katika matini ya kusomwa kwa sauti, maana sauti haina juu ya ukurasa.

Namna ya kurudia huonekana vizuri zaidi katika mfano mmoja: maelezo ya kutengeneza maji ya sukari na chumvi kwa mtoto anayeharisha, pale ambapo pakiti za dawa ya kuongeza maji mwilini hazipatikani. Kwa ajili ya karatasi, sentensi moja inatosha: "Katika lita moja ya maji safi ya kunywa ongeza vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, koroga hadi viyeyuke, kisha mpe mtoto kidogo kidogo." Ni sahihi na haina neno la bure. Ikisomwa redioni mara moja, inamtaka mama ashike vitu vitatu na vipimo vitatu kwa wakati mmoja. Kosa linalohofiwa zaidi ni kubadilishana nafasi kwa sukari na chumvi, au chumvi kuzidi, kwa sababu mchanganyiko wenye chumvi nyingi ni hatari kwa mtoto.

Maelezo hayohayo yakiandikwa kwa ajili ya sikio huwa hivi:

"Mtoto anayeharisha hupoteza maji na chumvi. Mtengenezee maji ya sukari na chumvi. Vinahitajika vitu vitatu: maji, sukari na chumvi. Kwanza, maji. Pima lita moja ya maji safi ya kunywa. Maji, lita moja. Pili, sukari. Weka vijiko vya chai sita vya sukari, visijae kupita ukingo. Sukari, vijiko vya chai sita. Tatu, chumvi. Weka nusu kijiko cha chai cha chumvi. Chumvi, nusu kijiko cha chai. Koroga mpaka viyeyuke, kisha mpe mtoto kidogo kidogo. Kwa mara nyingine: maji, lita moja, sukari, vijiko vya chai sita, chumvi, nusu kijiko cha chai."

Kila kipimo kimetajwa mara tatu, na kila mara kwa kazi tofauti. Mara ya kwanza kiko ndani ya agizo kamili lenye kitenzi, ili msikilizaji aelewe anachotakiwa kufanya. Mara ya pili kinafuata papo hapo, kikiwa kifupi, kwa ajili ya aliyesikia agizo lakini hana uhakika na namba. Mara ya tatu kiko mwishoni pamoja na wenzake, ili vipimo vyote vitatu visikike kwa pamoja, na pia kwa ajili ya aliyefungua redio katikati ya tangazo. Taarifa ya habari ina umbo kama hilo: muhtasari mwanzoni, habari kwa kirefu katikati, na muhtasari tena mwishoni.

Mpangilio nao una kazi. Jina la kitu linatangulia namba: "sukari, vijiko vya chai sita". Sikio likisikia "sukari" kwanza, huwa linaingojea namba na linajua litaiweka wapi. Namba ikitangulia, lazima ishikiliwe hewani hadi kitu chake kitajwe, na hapo ndipo sukari na chumvi huchanganyikana. Mfuatano wa maji, sukari na chumvi pia haubadiliki tangu mwanzo hadi mwisho, hivyo aliyekosa kitu cha pili anajua kabisa ni wapi asubiri mara ya pili.

Makosa ya kawaida katika kazi hii ni matatu. La kwanza ni kubadilisha maneno ili matini isichoshe. Shuleni mwandishi hufundishwa kukwepa kurudia neno, naye akija kuandika kwa ajili ya sauti husema "kijiko cha chai", kisha "kijiko kidogo", kisha "kijiko" tu. Msikilizaji hana karatasi ya kumthibitishia kwamba vijiko hivyo ni kimoja. Kijiko cha mezani huchukua mara 3 ya kijiko cha chai, kwa hiyo "kijiko" kisichotajwa aina yake kinaweza kuleta chumvi mara 3 ya inayotakiwa. Sentensi inayolizunguka jambo kuu inaweza kubadilika na kuwa fupi. Jina la jambo lenyewe libaki lilelile.

Kosa la pili ni kurudia lisilotakiwa. Tangazo linalosisitiza mara kadhaa "usiweke kijiko kizima cha chumvi" linapanda maneno "kijiko kizima cha chumvi" katika kumbukumbu, na lile "usi-" la mwanzo ndilo jepesi zaidi kupotea. Agizo sahihi ndilo hurudiwa. Onyo, likihitajika, hutajwa mara moja kisha hufuatwa mara moja na agizo sahihi.

Kosa la tatu ni kurudia kila kitu. Katika tangazo la hapo awali, sababu ya mtoto kuhitaji maji hayo imetajwa mara moja tu, na kukoroga mara moja tu, kwa kuwa asiyelisikia neno "koroga" atakoroga tu. Kama kila sentensi ingesomwa mara mbili, msikilizaji asingejua lipi ni kuu, na angeacha kusikiliza kabla ya kufika kwenye chumvi. Marudio huonyesha uzito pale tu ambapo mambo mengine hayarudiwi.

Mwandishi hawezi kujua kwa kukisia kama marudio yake yametosha, kwa sababu yeye anayajua maelezo tayari. Bangladesh ilipata kipimo kizuri cha jambo hili. Kati ya mwaka 1980 na 1990 shirika la BRAC lilituma wafanyakazi nyumba kwa nyumba kuwafundisha akina mama kutengeneza maji ya chumvi na sukari guru. Wengi wa akina mama hao hawakujua kusoma, kwa hiyo somo lote lilikuwa la mdomo. Maudhui yalibanwa yakawa hoja 7 za kukumbuka, vipimo vikawa vya mkono, chumvi kwa vidole 3 na guru konzi moja, na mama alichanganya mwenyewe mbele ya mwalimu. Baadaye mkaguzi alizitembelea baadhi ya nyumba zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, akamwomba mama aeleze hoja hizo na kutengeneza maji. Malipo ya mwalimu yalitegemea kiasi alichokumbuka mama. Kwa njia hiyo zilifikiwa nyumba zaidi ya milioni 12.

Kipimo hicho kinaweza kutumika kwa tangazo lolote kabla halijarushwa. Matini husomwa mara moja, kwa mwendo wa kawaida, mbele ya mtu asiyeijua na ambaye mikono yake ina kazi nyingine, kama kuchambua mchele. Baada ya dakika chache huombwa aeleze anachotakiwa kufanya. Swali "umeelewa?" halisaidii, kwa kuwa jibu lake karibu kila mara ni ndiyo. Kinachosikilizwa ni vipimo, majina na saa anazozitaja mwenyewe. Akikosea kipimo, sehemu hiyo inahitaji kurudiwa au kusogezwa. Akianza kutaja maneno yaleyale kabla msomaji hajayamaliza, marudio yamezidi na yapunguzwe.

Marudio nayo yana mwisho wa uwezo wake. Hayaokoi matini yenye mambo mengi kupita kiasi: vipimo 10 vikirudiwa mara tatu havikai kichwani, huwa ni vipimo 30 vilivyosikika. Kwa hiyo anayeandika kwa ajili ya sikio aanze kwa kupunguza hadi yabaki mambo machache ambayo msikilizaji hawezi kuyakosa, kisha ayarudie hayo bila haya, kwa maneno yaleyale na kwa mpangilio uleule.